Msaidizi bora kuliko wote, akafukuzwa: kisa cha Nelson dhidi ya Knight

Tarehe 4 Januari 2010, Dk. James Knight, daktari wa meno katika mji wa Fort Dodge, jimbo la Iowa nchini Marekani, alikaa kikao na msaidizi wake, Melissa Nelson. Hawakuwa wawili peke yao. Mchungaji alikuwepo, amealikwa na daktari ashuhudie. Knight alisoma maelezo aliyokwisha kuyaandika: uhusiano wao umeanza kuiletea madhara familia yake, na kwa manufaa ya familia zote mbili ni afadhali wasifanye kazi pamoja tena. Kisha akamkabidhi bahasha yenye mshahara wa mwezi mmoja. Nelson alilia, akasema anaipenda kazi yake.

Jioni hiyo mume wa Nelson alimpigia daktari simu, naye akamkaribisha ofisini. Mchungaji alikuwepo tena. Knight alimweleza bwana yule kwamba mke wake hakufanya kosa lolote, na kwamba ndiye msaidizi bora kuliko wote aliowahi kuwa nao. Hakuna lililotokea kati yao. Ila yeye daktari ameanza kumzoea kupita kiasi, na asipomwachisha sasa anahofia huko mbele atajaribu kuwa naye kimapenzi.

Si kawaida mwajiri kumsafisha mfanyakazi kwa kinywa chake mwenyewe siku ile ile aliyomfukuza. Kwa kawaida hutafutwa kosa, hata la kuchelewa dakika tano. Hapa hakuna aliyehangaika kulitafuta, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa na yeyote anayetaka kujua uzuri wa sura unaweza kumfanyia nini mtu kazini. Mambo mengine yote yamekwisha kuondolewa mezani. Utendaji haukuwa na dosari, nidhamu haikuwa na doa. Kimebaki kitu kimoja tu.

Nelson aliajiriwa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 20, ametoka tu chuoni. Alikaa pale miaka 10 na nusu. Kwa maelezo yake mwenyewe, sehemu kubwa ya muda huo daktari alimtendea kwa heshima, naye alimwona kama rafiki na kama baba. Mabadiliko yalianza katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho. Daktari akaanza kulalamika kwamba nguo zake zinabana, zinaonyesha mno, zinamvuruga, na mara nyingine akamtaka avae koti la kazini juu yake. Nelson alikana kwamba mavazi yake yalikuwa na ubaya wowote.

Miezi sita hivi ya mwisho wakawa wanatumiana meseji nje ya saa za kazi. Nyingi zilikuwa za kawaida, habari za watoto na shughuli zao. Nyingine hazikuwa hivyo. Siku moja alimwandikia kwamba shati alilovaa lilibana mno. Nelson alipojibu kwamba hatendewi haki, daktari akasema ni heri hakuvaa na suruali ya kubana, maana yeye angepata taabu mbele na nyuma. Alipata kumwambia kwamba akiona suruali yake daktari imetuna, ajue kuwa nguo zake zimezidi. Mara nyingine, kwa kumbukumbu ya daktari, Nelson aligusia kwamba maisha yake ya ndoa kitandani si ya mara kwa mara, naye akajibu kwamba hiyo ni sawa na kuwa na Lamborghini gerejini na kutoliendesha kamwe. Na kuna meseji iliyomuuliza hufika kileleni mara ngapi. Hiyo Nelson hakuijibu. Lakini pia hakukumbuka kuwahi kumwambia aache kumtumia meseji, wala kwamba amemkera.

Krismasi ya 2009 daktari alisafiri na watoto kwenda Colorado. Mke wake, ambaye naye alifanya kazi katika kliniki hiyo hiyo, alibaki nyumbani, akagundua kwamba mumewe na Nelson wanaandikiana. Daktari aliporudi, mkewe akamtaka amwondoe mwanamke yule kazini. Wakaenda kwa mchungaji kiongozi wa kanisa lao kuomba ushauri, naye akakubaliana na uamuzi huo.

Tukae kidogo kwenye malalamiko ya mke, kwa sababu ndiyo sehemu inayofundisha zaidi kuliko meseji zenyewe. Katika hati yake ya kiapo alitaja meseji, mavazi, na kile alichokiona kuwa ni kujipendekeza kwa daktari. Alitaja pia kwamba Nelson alikuwa baridi kwake. Halafu akaongeza jambo ambalo mtu anaweza kulipita bila kulitazama: aliona ajabu kwamba Nelson, baada ya kushinda kazini mbali na mume na watoto, hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani kama wanawake wengine wa pale.

Mfanyakazi anayechelewa kuondoka huitwa mchapakazi. Kwa msaidizi mwingine wa pale, dakika hizo za ziada zingeandikwa upande wa sifa. Kwa huyu ziliandikwa upande wa shaka. Tendo ni lile lile, ila anayelitazama amekwisha kuamua ni la nini. Ndivyo uzuri unavyomfunga mtu kazini: kazi yake haidharauliwi waziwazi, bali inasomwa kama ishara ya kitu kingine. Akifanya bidii, anamtafuta bosi. Akinyamaza, ana maringo. Akimsalimia mke wa bosi bila bashasha, kuna jambo analificha. Huku kwetu husemwa mtu fulani anabebwa na sura, na anayesema hivyo hudhani anaeleza faida tu. Hasemi kwamba ukishaaminiwa kubebwa na sura, hakuna cheti wala miaka ya kazi itakayohesabiwa kuwa imekufikisha ulipo.

Mke huyo simchukulii kama mwovu wa hadithi. Alisoma meseji za mumewe, na meseji zile zingemchoma mke yeyote. Ila tazama hasira ilielekezwa wapi. Aliyeuliza swali la kitandani ni daktari. Aliyefukuzwa ni aliyeulizwa na hakujibu. Daktari alibaki na kliniki, na ndoa, na mchungaji wa kumkalisha pembeni yake.

Nelson alipeleka malalamiko kwa tume ya haki za kiraia ya Iowa, kisha mwezi Agosti 2010 akafungua kesi. Dai lake lilikuwa moja tu: kwamba alibaguliwa kwa sababu ya jinsia. Hakudai unyanyasaji wa kingono. Tutarudi hapo, kwa sababu ndipo kesi ilipoamuliwa kwa sehemu kubwa kabla hata haijaanza kusikilizwa.

Ili kuelewa kwa nini alihitaji neno ubaguzi, lazima mtu ajue ajira za Marekani zinavyosimama. Katika karibu majimbo yote, mwajiri binafsi anaweza kumwachisha mtu kazi kwa sababu nzuri, kwa sababu mbaya, au bila sababu yoyote, mradi hakuna mkataba unaomzuia na sababu yenyewe haimo katika zile zilizokatazwa na sheria. Kutotenda haki si kosa la kisheria. Zilizokatazwa ni kama rangi, dini, jinsia, umri na ulemavu. Sura haimo. Mtu akifukuzwa kwa kuwa mbaya wa sura au kwa kuwa mzuri kupita kiasi, itambidi aonyeshe kwamba nyuma ya hiyo sura kuna jinsia.

Hoja ya Nelson ilikuwa nyepesi kuielewa: angekuwa mwanamume, asingefukuzwa. Knight alijibu kwamba hakumfukuza kwa kuwa ni mwanamke, bali kwa uhusiano wao na hatari aliyoiona kwa ndoa yake. Akaonyesha kwamba wasaidizi wake wote tangu zamani walikuwa wanawake, na nafasi ya Nelson pia aliijaza kwa mwanamke. Jaji wa kwanza alikubaliana naye, kesi ikafutwa bila kufika mbele ya mashahidi. Tarehe 21 Desemba 2012, Mahakama ya Juu ya Iowa, majaji saba wote wanaume, ikakubaliana naye kwa kauli moja. Kelele zilikuwa kubwa. Mahakama ikakubali kuipitia upya, ikaiondoa hukumu ya kwanza, na tarehe 12 Julai 2013 ikatoa nyingine yenye matokeo yale yale.

Mahakama iliegemea kesi za nyuma ambamo mfanyakazi alifukuzwa kwa wivu wa mke wa bosi. Mojawapo, ya mwaka 2006, ilihusu mwanamke aliyekiri kumfinya bosi makalioni na kumwandikia vijibarua vya kimahaba. Kumfukuza yule, walisema majaji wa wakati ule, kulitokana na mwenendo wake, si jinsia yake. Nelson alisema, na mimi naona alisema kweli, kwamba yeye si yule. Hakufinya mtu. Mahakama ya Iowa ilikubali kuna tofauti, ila ikaona haitoshi: ikiwa uamuzi umetokana na uhusiano na mtu mmoja mahususi, na si na wanawake kwa jumla, basi si ubaguzi wa jinsia, hata kama mtu huyo hana hatia.

Hapo ndipo wakili wa Nelson alipoleta hoja ninayoiona kuwa kali kuliko zote katika kesi nzima. Bosi akimnyanyasa mfanyakazi kingono, sheria inambana. Sasa bosi huyu anasema alimfukuza kwa kuhofia kwamba angekuja kumfuata. Inakuwaje akwepe lawama kwa kumwondoa mapema? Ni kusema kwamba mwajiri anayehofia tamaa zake mwenyewe anaruhusiwa kuzilipia kwa mshahara wa mtu mwingine.

Majaji walijibu kwamba unyanyasaji wa kingono hukatazwa kwa sababu huleta mazingira ya uadui kazini. Uamuzi mmoja wa kumwachisha mtu kabla mazingira hayo hayajatokea, hata ukiwa si wa haki, hauyaleti. Kwa mantiki ya sheria, jibu linasimama. Kwa mantiki ya kazi, linamaanisha kwamba ulinzi unaanza baada ya madhara, na aliyefukuzwa kabla ya madhara hana pa kushika.

Nina shaka pia na ile hoja ya kwamba aliyechukua nafasi yake ni mwanamke. Inathibitisha tu kwamba Knight hakuchukia kuajiri wanawake. Swali halikuwa hilo. Mtu anaweza kuajiri wanawake watupu kwa miaka mingi na bado akawa na sharti moja lisiloandikwa ambalo halimhusu mwanamume yeyote: usinivutie.

Miaka minne baadaye, mahakama ya rufaa ya New York iliutazama mkasa unaofanana na huu kwa jicho tofauti. Katika kesi ya Edwards dhidi ya Nicolai, mwalimu wa yoga na mkandaji aliajiriwa katika kliniki inayomilikiwa na mume na mke. Mume alimdokeza kwamba mkewe huenda akaona wivu kwa kuwa yeye ni mrembo mno. Oktoba 2013, usiku wa manane, akapata meseji kali ya mke ikimwonya asikanyage tena kliniki na akae mbali na mumewe. Saa chache baadaye mume akamtumia barua pepe ya kumwachisha. Mwaka 2017 majaji walisema dai lake linaweza kuendelea. Kwao, mtu asiyekuwa na uhusiano wowote na bosi, akifukuzwa kwa wivu usio na msingi, amefukuzwa kwa sababu ya kingono, na hiyo inatosha kuingia ndani ya ubaguzi wa jinsia. Sheria za majimbo hayo mawili hazifanani, lakini kwa maoni yangu kilichotofautisha zaidi ni swali. Iowa waliuliza kama wanawake wanachukiwa pale. New York waliuliza kilichomsukuma mwajiri ni nini.

Wivu wa aina hii haungoji mtu azoeane na bosi. Watafiti wawili, Bradley Ruffle na Ze'ev Shtudiner, walituma maombi ya kazi zaidi ya 5,300 kwa waajiri wa Israeli, mengine yakiwa na picha ya mtu mzuri, mengine ya mtu wa kawaida, mengine bila picha. Wanaume wenye sura nzuri waliitwa asilimia 19.9 ya mara, wale wa kawaida asilimia 13.7. Kwa wanawake mambo yaligeuka: waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao hawakuweka picha kabisa. Na wazuri waliumia hasa pale maombi yalipopokelewa na kampuni yenyewe ambako wangekwenda kufanya kazi. Yalipopokelewa na wakala wa ajira, ambaye hatakaa nao ofisini, adhabu hiyo haikuonekana. Kwa wale wanaobandika paspoti saizi juu ya wasifu wao bila kuombwa, hilo ni la kuzingatia.

Je, kisa cha Nelson kingetokea Dodoma au Nakuru, mambo yangekwenda vipi? Tofauti ya kwanza ni kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 zote zinamdai mwajiri athibitishe sababu halali na pia afuate utaratibu wa haki. Nelson asingelazimika kuthibitisha ubaguzi. Ingetosha kuuliza: sababu yangu ni ipi? Na daktari, kwa maneno yake kwa mume wa Nelson, alishajifunga mwenyewe.

Lakini wakili mjanja wa upande wa pili angekuwa na tundu la kupenya. Sheria zote mbili zinataja, pamoja na mwenendo na uwezo, suala la kupatana kazini. Angesema: huyu hapatani na mke wa mwenye kliniki, ambaye naye ni mfanyakazi. Hoja hiyo ni ya kuchunga, kwa sababu inaweza kumgeuza anayeonewa wivu kuwa ndiye mgomvi. Upande wa Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaipunguza nguvu: mwajiri anatakiwa awe ameweka kumbukumbu ya matukio yenyewe, awe amemwonya na kumshauri mfanyakazi, na ampe nafasi ya kujieleza na kurekebisha. Knight hakuwa na onyo hata moja la maana hiyo. Na kosa la kuvutia haliwezi kurekebishwa na anayevutia.

Halafu kuna mchungaji. Nchini Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinasema mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa mwenendo, utendaji mbovu au kutoweza kazi lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mtu wa tatu chumbani anatakiwa akae upande wa anayefukuzwa. Katika kikao cha Fort Dodge alikaa upande wa anayefukuza.

Sasa turudi kwenye dai ambalo Nelson hakulipeleka. Meseji za daktari, zikisomwa kwa mfuatano, ni maneno ya kingono yasiyohusiana na kazi, kutoka kwa mwenye mamlaka juu ya ajira yake. Kifungu cha 6 cha sheria ya Kenya kinayataja maneno ya namna hiyo, ya mdomo au ya maandishi, kuwa unyanyasaji wa kingono. Ya Tanzania inahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi. Hata Iowa mlango huo ulikuwepo. Ila kuupita kungehitaji kuonyesha kwamba hayakukubaliwa, na hapo kumbukumbu ilikuwa hafifu: meseji moja isiyojibiwa, na jibu moja la kulalamika kwamba hatendewi haki.

Najua kwa nini watu hawaandiki. Mtu hamfungulii ukurasa wa mashtaka, kwa utani mmoja mbaya, aliyemtendea kama baba kwa miaka tisa, na mzuri wa sura huwa amezoea kupuuza, maana angejibu kila neno asingefanya kazi. Bado, ujumbe mfupi wa siku ile ile una uzito mahakamani kuliko kiapo cha mwaka mmoja baadaye. Si lazima uwe wa ukali. Kwa mfano: "Daktari, kama kuna utaratibu wa mavazi naomba nipewe kwa maandishi nami nitaufuata. Maswali kuhusu mwili wangu na ndoa yangu naomba tusiyazungumze tena." Sentensi ya kwanza inaligeuza suala la nguo kutoka kwenye macho ya bosi kuwa kanuni inayowahusu wote. Ya pili inaweka tarehe ya kukataa.

Na baada ya bahasha, siku zinahesabika. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mtu anayelia wiki tatu nyumbani amebakiza chache. Sheria inaruhusu kuomba kurejeshwa kazini, lakini katika kliniki ya watu wachache, mke wa daktari akiwa papo hapo, sidhani wengi wangeitaka amri hiyo. Kinachobaki ni fidia na cheti cha utumishi. Kwenye meza ya usuluhishi ningemshauri mtu kama Nelson aongeze ombi moja lisilogharimu senti: barua ya utambulisho iliyosainiwa na daktari, yenye maneno yale yale aliyomwambia mume wake jioni ile, kwamba huyu ndiye msaidizi bora kuliko wote aliowahi kuwa nao, na kwamba hakufanya kosa lolote.